Mimi nimemsamehe, rafiki zangu hawajamsamehe

BARUA

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 31, naishi Pasua hapa Moshi, nina saluni ndogo ya kusuka na kuosha nywele. Mume wangu ni mwongozaji, anapandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Tuna binti mmoja na ndoa yetu ni ya kanisani.

Mwaka jana mwezi wa tano, kipindi ambacho wageni hakuna, alivunja kibubu changu. Ndani kulikuwa na laki nane. Ni pesa niliyopokea zamu yangu ilipofika kwenye mchezo, nilikuwa naitunza ninunue draya na kiti cha kuoshea nywele. Akamlipia mdogo wake ada ya chuo, na hakuniambia. Niligundua mwenyewe. Nilipomuuliza akasema, "Nitarudisha nikipata safari," basi. Haikupita muda akapata safari ya mlimani kwa njia ya Lemosho akaondoka, simu haipatikani, nikabaki na hasira yangu.

Nikaimwaga yote kwenye kikundi chetu cha mchezo. Tuko wanawake saba, watatu ni rafiki zangu wa karibu sana. Kila usiku nilituma sauti. Nilituma skrinshoti za meseji zake. Nilisema jinsi mama yake anavyomwomba hela kila mwezi. Nikasema hata kwamba zamani aliwahi kusimamishwa kazi na kampuni kwa sababu ya pombe, jambo aliloniambia mimi tu tulipokuwa wachumba.

Aliposhuka aliomba msamaha, tena kwa machozi. Akatoa laki tano kwenye tipu yake siku hiyohiyo, na mwezi wa nane akawa amemaliza deni. Draya alikwenda Arusha kuinunua yeye mwenyewe. Moyo wangu ukatulia.

Wao hawajatulia. Mwezi wa kumi na moja tulifanya sherehe ya komunyo ya binti yetu. Walikuja, wakala, hawakumsalimia. Mmoja akamwita "Bwana Kibubu", wengine wakacheka. Nikisema amefanya jema lolote naambiwa nimelishwa limbwata. Mwezi wa kwanza akarudi kutoka mlimani yuko kimya. Baadaye akaniambia kuna mpagazi alimwita Bwana Kibubu kambini mbele ya kundi zima. Mume wa mmoja wetu ni mpagazi.

Sasa anasema nitoke kwenye kile kikundi. Kuhusu ile habari ya pombe sijui kama imemfikia, au imemfikia ananisubiri niseme. Mama yangu yuko Singida, sina dada hapa. Hao ndio watu wangu. Je, nitoke? Nisimwambie mtu yeyote tena mambo ya nyumbani kwangu? Na hao rafiki nitawaelewesha vipi?

Mama Saluni, Pasua

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na rafiki zako, maana unawaona kama watu waliokataa kutulia. Kabla hatujawahukumu, fanya jambo moja ukiwa peke yako saluni. Fungua kile kikundi kwenye WhatsApp, gusa alama ya kutafuta, andika jina la mume wako au lile unalomwita, halafu soma kila ujumbe wako unaotokea. Sauti hazitatokea kwenye utafutaji huo, kwa hiyo pandisha pia hadi zile siku za Lemosho uzisikilize mbili tatu. Kisha tafuta mahali ulipowaambia kwamba amerudisha laki tano. Tafuta mahali ulipowaambia kwamba deni limekwisha, na draya kainunua nani. Sina hakika utakuta nini, lakini kwa namna ulivyoandika nadhani utakuta usiku mwingi wa maumivu na mstari mmoja wa amani, au hakuna kabisa. Ulipokuwa na hasira ulikuwa na mengi ya kusema. Ulipotulia ulirudi kwenye maisha, ukasuka wateja wako. Hakuna anayetuma sauti ya dakika nne saa tano usiku kueleza kwamba leo mume wake hakukosea.

Kwa hiyo rafiki zako wamesimama palepale ulipowaacha mwezi wa sita. Na hata kama ungewapa habari yote hadi mwisho, bado wangechelewa kusamehe kuliko wewe. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Jeffrey Green na wenzake, walichapisha utafiti uliolinganisha watu waliokosewa na wapenzi wao na rafiki waliosikia habari ya kosa hilohilo. Rafiki walisamehe kidogo kuliko aliyekosewa mwenyewe. Ukifikiri utaona kwa nini. Wewe uliyaona machozi, wao hawakuyaona. Wewe una binti na nyumba ya kulinda, kwa hiyo una sababu ya kutafuta upande mzuri wa huyo mtu, wakati wao hawapotezi chochote wakiendelea kumchukia. Tena kwao kuendelea kumkasirikia ndiyo namna ya kukuonyesha kwamba wako upande wako. Wazee walisema wagombanao ndio wapatanao, na msikilizaji hayumo katika hao wanaopatana.

Hili linabadilisha kidogo swali lako la mwisho. Huwezi kuwadai rafiki zako msamaha, maana mume wako hajawakosea wao. Unachoweza kuwaomba ni adabu: wamsalimie, na lile jina liishe. Hayo mawili yako ndani ya uwezo wao hata kama mioyoni bado wana kinyongo.

Sasa turudi kwenye zile siku za Lemosho, kwa sababu naona hapo ndipo pana jambo la kujifunza kwa kila mke wa mtu wa mlima. Njia ile ni siku saba au nane, mtandao unashika sehemu chache, na mwongozaji anatunza chaji ya simu kwa ajili ya dharura za kazi. Aliondoka ugomvi ukiwa mbichi na jibu lake likiwa nusu sentensi. Mtu pekee ambaye angeweza kujibu hasira yako alikuwa hapatikani, na watu saa zote wanaopatikana walikuwa mkononi mwako. Maneno yakaenda yalikopokelewa. Hilo halinishangazi hata kidogo.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba hasira ukiitoa inapungua. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman alichapisha jaribio lake: watu walikasirishwa makusudi, kisha baadhi wakaambiwa wapige mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewakasirisha, na wengine wakakaa tu bila kufanya kitu. Waliopiga huku wakimfikiria ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi. Kuitoa mara moja kwa mtu anayekusikiliza ni tofauti, hapo unapata nafasi ya kupanga mawazo. Lakini kila usiku, habari ileile, mbele ya watu sita wanaojibu "huyo mwanaume ana laana", hapo unakuwa unafanya mazoezi ya kukasirika. Dalili yake unaweza kuitambua mwenyewe: unaposimulia mara ya tatu, hakuna jipya ulilogundua kuhusu tatizo, kilichoongezeka ni makosa yake ya zamani. Ndivyo ilivyokuwa kwako. Ulianza na kibubu, ukafika kwa mama mkwe, ukaishia kwenye pombe.

Na hayo matatu hayana uzito mmoja, naomba tuyatenganishe.

Kibubu ni habari yako. Pesa ilikuwa yako, jasho lako, na uliumizwa. Ulikuwa na haki ya kumwambia mtu, na sioni kwa nini ujute kwa hilo, ingawa watu sita pengine walikuwa watano zaidi ya uliowahitaji. Habari ya mama mkwe ni ya wote wawili. Inagusa mfuko wa nyumba yako lakini inamgusa pia mwanamke ambaye hakuwapo kujieleza, na ambaye huenda baadhi ya hao rafiki wanakutana naye. Kabla ya kuitoa nje mlihitaji kukubaliana. Ile ya pombe ni ya mume wako peke yake. Alikupa kwa imani, na haikuhusiana na kibubu. Katika mji ambao waongozaji, wapagazi na wapishi wa mlimani wanajuana kwa majina, habari kama hiyo inaweza kumnyima mtu safari. Kampuni haitahitaji ushahidi, itahitaji tu kuwa na mwongozaji mwingine wa kumpigia simu.

Ndiyo maana mimi ningetafakari kuanza na mume kabla ya rafiki. Kuna njia mbili na zote zina gharama. Unaweza kunyamaza ukitumaini kwamba haijamfikia. Ikiwa kweli haijamfikia, nyumba inabaki na utulivu wake. Ila jina la Bwana Kibubu limepanda hadi kambini, na kilichobeba jina hilo kinaweza kubeba na mengine. Akiisikia ile ya pombe kule, ataisikia mbele ya watu anaowaongoza, mbali na wewe, na ataanza kujiuliza ni yapi mengine uliyosema. Au unaweza kumwambia mwenyewe. Ataumia, na kwa siku kadhaa huenda akawa baridi kuliko sasa, lakini atakuwa ameumia kwa kiasi anachokijua.

Ukichagua kusema, chagua na wakati. Usiseme jioni aliyoshuka mlimani kupitia Mweka. Siku hiyo mtu ana magoti yanayouma, ana vifaa vya kukabidhi na hesabu za tipu za kundi zima. Mwache alale, ale, apite siku moja au mbili, na binti awe hayupo karibu. Maneno yasiwe mengi: "Kuna jambo nililisema ambalo halikuwa langu kulisema. Wakati ule wa kibubu nilieleza kikundini kwamba uliwahi kusimamishwa kazi, na sababu niliitaja. Nilituma na meseji zako." Kisha nyamaza. Mahali watu wanapoharibu ni pale wanapoongeza, "lakini na wewe usingechukua pesa yangu". Kweli asingechukua. Ila ukiyaweka hayo mawili katika pumzi moja, hatasikia kuomba radhi, atasikia ugomvi wa mwezi wa tano ukifufuliwa.

Atakuuliza ni nani aliyepeleka jina mlimani. Jibu hilo lifikirie mapema, kwa sababu mwongozaji ana sauti katika kuchagua kundi lake. Yule mpagazi anaweza kuachwa safari ijayo na ijayo tena, na mkewe ni mwenzako wa mchezo. Unaweza kumwambia kwamba chanzo ni wewe, na hao wengine walipokea ulichowapa. Ni kweli, na inamzuia kwenda kugombana na mtu asiye sahihi.

Kuna sharti moja kwa haya yote. Wewe unamjua mume wako, mimi simjui. Kama kumwambia jambo zito kunaweza kukuletea kipigo au vitisho, usimwambie mkiwa wawili tu, na nitalirudia hili mbele kidogo.

Sasa agizo lake la kutoka. Sentensi hiyohiyo inaweza kutoka kwa waume wawili tofauti kabisa. Mmoja ameaibishwa kazini, anatafuta mahali pa kuziba tundu, na kikundi ndicho anachokiona. Mwingine anataka mke asiye na watu. Namna ya kuwatofautisha ni kuangalia kinachotokea ukiziba tundu kwa njia nyingine. Mwambie: "Nimeelewa. Mambo yetu hayataingia tena kule, na nitaongea nao kuhusu lile jina. Mchezo naomba niendelee." Aliyeaibishwa atalegea taratibu, hata kama atanuna kwanza. Anayetaka kukutenga hataridhika. Atahamia kwa rafiki wengine, kisha wateja, kisha simu za Singida, na ataanza kushika simu yako. Kwa ulichoniandikia siwezi kusema wako ni yupi. Uliyemwona kwa miaka yote hii ni wewe.

Kutoka nako kuna hesabu zake. Kama zamu yako ya mzunguko huu imeshapita, ukitoka kabla wote hawajapokea unakuwa na deni, na jina baya litakalofuata litakuwa lako. Ukimaliza mzunguko ndipo ukaaga, umeondoka kwa heshima. Lakini zaidi ya pesa, wewe mwenyewe umeandika kwamba hao ndio watu wako. Mwanamke asiye na mtu wa kumpigia saa nne usiku hana usalama, hata kama ndoa yake leo ni nzuri. Upo pia mpango wa katikati: kikundi kibaki cha mchezo tu, tarehe, michango na zamu, na urafiki uhamie kwa mtu mmoja mmoja. Hatari yake ni kwamba itaonekana umewatenga, na mmoja wao atauliza kwa nini umekuwa kimya. Jibu la ukweli linatosha: "Nilijaza mambo yangu mno humu."

Kuhusu kuwaeleza, usifanye hivyo kikundini. Ukiandika kule, wa kwanza kujibu ndiye atakayeweka mwelekeo, na akijibu kwa kicheko wengine watamfuata. Anza na wale watatu, kila mmoja kwa wakati wake, ana kwa ana, pengine ukiwa unamsuka, maana mikono ikiwa na kazi maneno magumu hutoka bila kukazana macho. Sema kwa kifupi: "Shoga, ile habari ya kibubu nilikupa mwanzo wake, mwisho sikukupa. Pesa yote alirudisha, alimaliza mwezi wa nane, na draya ile alinunua yeye. Mimi nimeshayamaliza. Naomba lile jina tuliache, na ukimkuta msalimie. Na ile ya pombe haikuwa yangu kuisema, naomba isiende mbele." Hapo ishia. Jaribu kutomsifu mume wako. Ukianza kueleza jinsi alivyo mwema, alivyobadilika, anavyokupenda, ndipo neno limbwata linapopata nafasi, kwa sababu sifa nyingi baada ya malalamiko mengi zinasikika kama kufunika. Tarehe na kiasi cha pesa hakina haja ya kutetewa.

Zile skrinshoti huwezi kuzirudisha. Nafasi ya kumfutia kila mtu ujumbe hudumu kama siku mbili tu tangu uutume, na picha zinaweza kuwa zimeshahifadhiwa kwenye simu zao. Unaweza kuwaomba wafute, ila huwezi kuhakikisha. Hata kuwasha ujumbe unaojifuta hakugusi yaliyotumwa kabla. Hili litabaki kama lilivyo, na ni vizuri mume wako alijue hivyo badala ya kuahidiwa kwamba yamefutika.

Mabadiliko ya rafiki huja zaidi kwa macho kuliko kwa masikio. Wamemsikia mume wako sana, wamemwona kidogo, kwa sababu kazi yake inamweka mbali. Akiwa nyumbani, akufungie rafu saluni wakati mmoja wao yuko pale, au aende kumpa pole mmoja wao akifiwa. Salamu tano za kawaida zitafanya zaidi ya maelezo yako. Na kama baada ya miezi kadhaa yupo ambaye bado anamwita Bwana Kibubu, jiulize huyo anafaidi nini wewe ukiwa kwenye shida. Wapo rafiki ambao ukaribu wao na wewe umejengwa juu ya matatizo yako, na amani yako inawaacha bila cha kuongea.

Lakini sitaki nikuache ukiamini kwamba rafiki wote wamekosea tu. Waliona kitu cha kweli. Mtu mzima alichukua laki nane za mkewe bila kusema. Alirudisha, ndiyo. Je, sababu iliyomfanya asiseme imeondoka? Mdogo wake bado anasoma? Mwezi wa nne na wa tano utakuja tena, mvua zitanyesha na wageni watapungua kama kila mwaka, ada itadaiwa. Mmeshaongea kuhusu nani atalipa nini, na pesa ya mchezo itakaa wapi? Ikiwa hamjaongea, huenda rafiki zako wana wasiwasi mahali ambapo wewe umetulia mapema. Kumbuka pia kuangalia nyuma: kibubu kilikuwa mara ya kwanza, au kilikuwa mara ya kwanza uligundua?

Swali lako la kutomwambia mtu yeyote tena linanipa hofu kidogo. Kwenye kicheni pati tunafundishwa kwamba ya chumbani hayatoki nje, na kuna hekima humo, lakini fundisho hilohilo limewaweka wanawake wengi ndani ya vipigo. Kipigo, vitisho, kulazimishwa, kunyimwa matumizi ya mtoto, hayo hayahitaji ruhusa ya mume kusemwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na kwenye vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo. Hapo ukiwaambia watu saba ni sawa, ukiwaambia sabini ni sawa.

Kwa mengine ya kawaida, hasira za pesa, wakwe, ukimya, mtu mmoja au wawili wanatosha. Ukiwapima rafiki zako watatu, mwangalie yule ambaye baada ya kukusikiliza huuliza, "Na wewe ulimjibu nini?" Huyo anawaweka nyote wawili kichwani. Kabla hujaanza, mwambie unachotaka: leo nataka unisikilize tu, au leo nataka ushauri. Asipojua, atakupa hukumu, kwa sababu hukumu ndiyo rahisi kutoa. Na mkishapatana, mpigie umwambie, hata kwa sentensi mbili.

Mmefunga ndoa kanisani, kwa hiyo mna wasimamizi. Kazi yao haikuisha ukumbini. Wao wanawajua nyote wawili na wanaweza kuwakalisha pamoja, jambo ambalo shoga zako hawawezi. Angalizo ni kwamba wasimamizi wengine hukimbilia kuwaambia wazazi, au yule wa kiume ni mtu wa mume kupita kiasi. Waulize kabla: tukiwaletea jambo, linaishia kwenu? Kama kumwambia mume habari ya pombe kunakutia hofu, mezani kwao panaweza kuwa mahali pake.

Na kwa zile wiki za mlimani, weka daftari kwenye droo ya saluni. Andika unachotaka kumwambia yeye, siyo unachotaka watu wakijue kumhusu. Akishuka, na siku ya kupumzika ikipita, soma kabla hujampa. Utafuta mengine mwenyewe. Yatakayobaki ndiyo ya kuongea naye, na safari hii atayasikia wa kwanza. Kuhusu mwezi wa nne, ningeanza mazungumzo ya ada mapema, kabla tipu ya safari ya mwisho ya msimu haijagawanywa.